Kupatana Bei na Kiwanda cha China kwa Barua Pepe: Ukiomba Kitu, Toa Kitu

Wadau wa Mwanza, leo tuongelee taa za sola za kuvulia dagaa. Wateja wapo, kuanzia Kirumba Mwaloni mpaka Ukerewe. Chukua mfano huu: kiwanda kimekutajia dola 9.50 kwa taa, unataka taa 300, na wanataka hela yote kabla. Hiyo ni dola 2,850 inatoka hujaona mzigo.

Wengi hujibu, "Bei ya mwisho ngapi?" Muuzaji anapunguza senti kidogo, maongezi yanaishia hapo, na masharti ya malipo yanabaki vilevile. Wewe anza kwa kuomba sampuli mbili, na bei ya taa 100, 300 na 500. Akisema taa 500 ni dola 8.60 kila moja, ushajua anaweza kushuka mpaka wapi.

Sampuli zikishafika, ziwashe usiku kucha na uzimwagie maji. Zikikuridhisha, andika barua ya pili kwa Kiingereza chepesi, maana yake iwe hivi:

"Habari za kazi. Asante kwa majibu ya haraka. Sampuli zimewaka mpaka asubuhi na nimezipenda. Niko tayari kuchukua taa 300 kwa dola 8.80, mzifikishe ghala la wakala wangu Guangzhou. Nitalipa asilimia 30 mwanze kazi, na asilimia 70 wakala akishazikagua kiwandani, kabla hazijatoka. Kwa kuwa ndiyo oda yetu ya kwanza, ukaguzi siwezi kuuacha. Zikiuzika vizuri, nategemea oda ijayo iwe taa 500. Naomba jibu kabla ya Ijumaa."

Ona ilivyokaa. Shukrani ni ya kitu cha kweli, siyo kumpamba. Sharti ni moja, lina sababu, na halimtishi, maana mzigo unabaki kwake mpaka umalize kulipa.

Akigoma kwenye bei, legeza bei ila shikilia malipo. Mwambie, "Sawa, nakubali dola 9.00, ila malipo yabaki 30 kwa 70." Jumla inakuwa dola 2,700. Umeongeza dola 60 tu juu ya ulichoomba, lakini dola 1,890 ziko mkononi mwako mpaka taa zikaguliwe. Akikataa hata ukaguzi, mshukuru, tafuta mwingine.

Taja pia tarehe ya mzigo kuwa tayari. Dagaa huvuliwa kwenye giza. Taa zikifika mbalamwezi imewaka, utakaa nazo dukani.

La mwisho, jina la akaunti lifanane na jina la kampuni kwenye ankara. Ikija barua ghafla kwamba akaunti imebadilika, usitume hata senti. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo mwanzo, siyo iliyo kwenye barua hiyo, kwa sababu matapeli huingilia barua pepe wakati huohuo wa kulipa.