Shukrani Zinazotangulia: Kauli ya "Merci d'avance" na Namna za Kuhitimisha Ombi katika Barua Pepe za Kifaransa

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefunzwa kuandika barua rasmi tangu shule ya upili hapati tabu kuifunga barua ya ombi. Huandika "Natanguliza shukrani", akatia sahihi, na kazi ikaisha. Mwanafunzi huyo anapojifunza Kifaransa na kukutana na kauli "merci d'avance", yaani asante ya kabla ya tendo, huipokea kama ndugu aliyepotea. Maana zinaelekea kulingana, nafasi katika barua ni ile ile, na Wafaransa wenyewe huiandika kila siku. Hata hivyo, wapo wasomaji wa Kifaransa ambao kauli hiyo huwakera, wakaiona kuwa ya mtu aliyekwisha kujipa jibu kabla ya kujibiwa. Makala haya yanachunguza chanzo cha kero hiyo, mahali inapojitokeza na mahali isipojitokeza, kisha yanapendekeza njia nyingine za kuhitimisha ombi.

Shukrani kwa tendo lisilotendwa

Katika uchanganuzi wake wa vitendo uneni wa mwaka 1969, John Searle alibainisha kwamba ombi huhusu tendo la baadaye la msikilizaji, ilhali shukrani huhusu tendo ambalo msikilizaji amekwisha kulitenda. "Merci d'avance" huvunja mpaka huo. Huchukua tendo lililo bado mikononi mwa mwombwa na kulishukuru kana kwamba limekamilika. Anayesoma anaweza kulifasiri jambo hilo kwa njia mbili. Anaweza kuona uchangamfu wa mtu anayemwamini. Anaweza pia kuona kwamba mlango wa kukataa umefungwa, kwa kuwa akikataa sasa atakuwa amepokea shukrani asizostahili.

Nadharia ya upole ya Brown na Levinson, iliyotolewa mwaka 1978 na kupanuliwa 1987, inasaidia kueleza mgawanyiko huo. Kwa mujibu wao, kila mtu ana uso chanya, yaani haja ya kupendwa na kukubaliwa, na uso hasi, yaani haja ya kutoingiliwa katika uhuru wake. Shukrani hupendeza uso chanya. Shukrani inayotangulia, kwa upande mwingine, inaweza kuubana uso hasi kwa wakati huo huo. Ndiyo maana wasomaji wawili wa barua moja wanaweza kutofautiana bila yeyote kati yao kukosea.

Kosa lingekuwa kudai kwamba kauli hii ni utovu wa adabu popote ionekanapo. Mteja anapomwandikia karani wa duka kuuliza kama bidhaa imefika, "merci d'avance" haimsumbui yeyote, kwa sababu kujibu ni kazi ya karani. Mwanafunzi anapomwomba mwenzake nakala ya mhadhara alioukosa, kauli hiyo ni salamu tu ya kirafiki. Kwa matumizi ya namna hiyo imechakaa kiasi kwamba maana ya maneno haisikiki tena. Uzito wake hurejea pale ambapo anayeombwa ana cheo cha juu, hana wajibu wa kutenda, na jambo lenyewe litamgharimu muda. Mambo hayo matatu yakikutana, msomaji huyasikia maneno upya.

Kubadilisha kihusishi hakuondoi tatizo. Baadhi ya wanafunzi hushauriwa waandike "merci par avance" kwa sababu ina sura ya urasmi zaidi. Aina zote mbili ni Kifaransa safi, lakini dhana ya kwamba jibu limekwisha kutolewa imo katika zote. Hali huwa mbaya zaidi kauli inapoongezewa mzigo, kama katika "merci d'avance pour votre réponse rapide", yaani asante ya mapema kwa jibu lako la haraka. Hapo mwandishi amejipa jibu na kujipangia hata kasi yake.

Barua moja na marekebisho yake

Chukua mfano wa mwanafunzi wa kike wa uzamili jijini Nairobi anayetafiti Kiswahili cha Lubumbashi. Anamwandikia profesa asiyemfahamu, mzungumzaji wa Kifaransa, akitaka amsomee hojaji yake ya kurasa sita. Baada ya kujitambulisha, anaandika hivi:

*Merci de relire mon questionnaire et de me le renvoyer avant vendredi. Merci d'avance. Cordialement.*

Hakuna kosa la sarufi hapa. Mwandishi ametamka asante mara mbili na pengine anaamini amezidisha heshima. Lakini "merci de" ikifuatwa na kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi haishukuru, bali huagiza. Ndiyo inayobandikwa milangoni na katika matangazo ya ofisi: "merci de fermer la porte", yaani tafadhali funga mlango. Hivyo profesa amepewa agizo, kisha akapewa siku ya mwisho, kisha akashukuriwa kwa kutii. Hiyo "merci d'avance" ya mwisho ndiyo inayolaumiwa kwa kawaida, lakini imekuja tu kupigilia msumari jambo lililoanza sentensi moja kabla. Anayetaka kujua kama barua yake ina kasoro hii aisome bila hitimisho lake. Ikiwa kilichobaki hakimwachii mwombwa nafasi ya kusema hapana, kubadilisha neno la mwisho hakutaiokoa.

Barua hiyo inaweza kuandikwa upya hivi:

*Auriez-vous le temps de lire les deux premières pages de mon questionnaire ? Je comprendrais tout à fait que votre emploi du temps ne le permette pas. Je vous remercie de l'attention que vous voudrez bien porter à cette demande.*

*Je vous prie d'agréer, Monsieur le Professeur, mes salutations respectueuses.*

Sentensi ya kwanza inauliza kama profesa angekuwa na muda, na ombi limepunguzwa kutoka kurasa sita hadi mbili. Ya pili inafungua mlango wa kukataa waziwazi: mwandishi angeelewa kabisa ikiwa ratiba haitaruhusu. Ya tatu ndiyo yenye ufundi unaofaa kuigwa. Bado inashukuru, na bado inashukuru kabla, lakini kinachoshukuriwa si kusomewa hojaji. Ni uangalifu ambao profesa "atapenda" kulipa ombi hilo. Uangalifu ni jambo dogo, na anayeifikia sentensi hiyo amekwisha kuutoa, maana ameisoma barua. Shukrani na tendo vimekutana tena, kama Searle alivyotaka, na uamuzi wenyewe umebaki kwa mwenyewe.

Mwandishi anayehitaji jibu kwa tarehe fulani hana haja ya kuificha. Aitaje kama hali yake, si kama sharti la mwenzake: kazi itawasilishwa tarehe 30, na maoni yoyote yatakayofika kabla ya hapo yatamfaa.

Daraja la -nge-

Kifaransa kina njia nyingine inayofaa mwombaji, nayo ni ya karibu mno na Kiswahili. Ni kuiweka shukrani katika hali ya masharti: "je vous serais reconnaissant de bien vouloir m'indiquer…", yaani ningekushukuru iwapo ungekubali kunieleza. Mwandishi wa kike huandika "reconnaissante". Kiambishi -nge- cha Kiswahili hufanya kazi iyo hiyo. Anayesema "nitashukuru ukinisaidia" analiona tendo likija. Anayesema "ningeshukuru iwapo ungenisaidia" amelisogeza mbali na kumwachia msikilizaji alivute. Kwa hiyo mfasiri anayekutana na "Natanguliza shukrani" katika barua nzito ya Kiswahili asikimbilie "merci d'avance". Kitenzi tanguliza hukiri waziwazi kwamba shukrani zimetumwa mbele zikafike kabla ya tendo, kama mgeni anavyotanguliza salamu, na katika barua za Kiswahili hakuna anayehesabu kwamba amefungwa nazo. Uzito wa heshima uliomo katika kauli hiyo hukaa vyema zaidi ndani ya "je vous serais reconnaissant".

Ipo pia "je vous saurais gré de…", yenye maana hiyo hiyo na urasmi zaidi. Hapa wengi hujikwaa, wakiwamo Wafaransa wenyewe, kwa kuandika "je vous serais gré". Msemo huu umejengwa kwa kitenzi savoir, si être, na sauti za maneno hayo mawili yanapotamkwa haraka ndizo zinazopotosha. Asiye na hakika atumie "reconnaissant", ambalo halina mtego.

Mtego mwingine umo katika hitimisho linalopendwa sana: "En vous remerciant par avance, veuillez agréer mes salutations distinguées." Mzungumzaji wa Kiswahili ni rahisi kulikosea bila kujua, kwa kuwa lugha yake humlinda. Katika "huku nikikushukuru, pokea salamu zangu", kiambishi ni- kinamtaja anayeshukuru, na pokea inamtaja mwingine. Kifaransa hakina kiambishi hicho katika "en remerciant". Hukopa mtenda wake kutoka kitenzi kikuu. Kitenzi kikuu kikiwa "veuillez", mtenda ni mpokeaji wa barua, na sarufi inasema kwamba mpokeaji ndiye anayeshukuru. Tiba ni kumrejesha mwandishi katika kitenzi kikuu: "En vous remerciant par avance, je vous prie d'agréer mes salutations distinguées." Sarufi imepona, ingawa dhana ya jibu lililokwisha kutolewa imebaki palepale.

Kuhusu "dans l'attente de votre réponse", yaani nikisubiri jibu lako, yatosha kusema kwamba husubiri jibu lolote, na kwa hiyo haimbani mtu. Ikigeuzwa kuwa "dans l'attente d'une réponse favorable", inaanza kusubiri ndiyo. Katika barua za kuomba kazi imezoeleka. Kwa profesa asiyejulikana, ile fupi inafaa zaidi.

Kasoro moja ya "merci d'avance" hujitokeza baada ya jibu kufika. Aliyekwisha kushukuru mwanzoni huhisi deni limelipwa, na mara nyingi haandiki tena. Mwombwa aliyetumia saa nzima juu ya hojaji ya mtu asiyemjua hupokea kimya. Mwanafunzi wa mfano huu, akirudishiwa kurasa zake mbili zikiwa na maoni, angeandika siku iyo hiyo: *Je vous remercie vivement de votre lecture. Vos remarques m'ont permis de corriger la quatrième question.* Hapo tendo limetendwa, "merci" inajua inachoshukuru, na profesa anaelezwa kwamba swali la nne limerekebishwa kwa maoni yake.