Simu yako inaandika "sitini" wakati umesema "tisini"? Weka kibodi ya Kiswahili na uitumie hivi

Leo hatuzungumzii mbegu wala dawa. Tunazungumzia simu, kwa sababu ya tukio la msimu huu ambalo bado linaniuma.

Kijana mmoja ninayemhudumia, mkulima wa nyanya, alikuwa na matenga tisini tayari. Mikono ina matope, pampu inanguruma pembeni, mnunuzi anataka jibu haraka. Akabonyeza alama ya maiki kwenye simu, akasema, ikajiandika, akatuma bila kusoma. Meseji iliyofika ilisema matenga 60. Mnunuzi akaleta gari dogo la kutosha matenga 60, akapakia, akaondoka. Matenga 30 yakabaki shambani, nyanya zimeshaiva, na wote mnajua nyanya iliyoiva hainaga subira. Akaja kuziuza kwa bei ya kutupa.

Alipokuja kwangu alikuwa ameapa hatatumia tena kuandika kwa sauti. Nikamwambia hapana, kaa tuitengeneze simu yako vizuri, halafu nikuonyeshe kitu gani uiachie simu na kitu gani uandike mwenyewe. Tulichofanya siku ile ndicho ninachowaandikia hapa.

Kwanza tukaangalia kibodi yake. Alikuwa na ya Kiingereza tu. Hilo peke yake ni tatizo, maana simu ikidhani unaandika Kiingereza, kila neno lako inaliona ni kosa na inajaribu kulirekebisha. Unaandika "mia", inaweka herufi kubwa kama vile ni jina la mtu. Unaandika neno la kawaida kabisa la shambani, linageuka kuwa neno la Kiingereza linalofanana nalo. Wengi mmezoea kupigana nayo hivyo miaka na miaka.

Simu nyingi za Android zinazouzwa huku zina kibodi ya Gboard, au unaweza kuipakua bure Play Store. Fungua sehemu yoyote ya kuandika, hata meseji ya kawaida. Juu ya herufi kuna mstari wenye alama ndogo ndogo. Gusa ile ya gia. Usipoiona, gusa kwanza alama ya vinne vidogo iliyo kwenye kona ya mstari huo. Ukishaingia, fuata njia hii:

```
Languages > Add keyboard > Swahili (Tanzania) > Done
```

Aliye Kenya achague Swahili (Kenya). Usifute Kiingereza. Utakihitaji, kwa sababu majina ya dawa na ya mbegu za kisasa mengi ni ya Kiingereza, na ripoti nyingine unaandika kwa Kiingereza. Ndiyo maana naiita kibodi ya pili: inaongezwa, haichukui nafasi ya ile ya kwanza.

Sasa ukirudi kwenye meseji utaona alama ya dunia karibu na kitufe kirefu cha kuacha nafasi. Ukiigusa, unahama lugha. Kama alama ya dunia haipo, kandamiza kile kitufe kirefu kwa muda, orodha ya lugha itatokea. Jina la lugha unayotumia linaandikwa juu ya kitufe hicho hicho, kwa hiyo zoea kukitupia jicho kabla hujaanza kuandika.

Baada ya hapo rudi kwenye gia, ingia Text correction, utafute Auto-correction. Mimi huizima. Najua wengine hawatakubaliana nami, lakini sikilizeni sababu. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani yake. "Nitakuletea", "hatujayavuna", "wakishayapakia": kila kimoja kina mtu, wakati, kitu kinachotendwa, na mzizi katikati. Ukibadilisha kipande kimoja unapata neno jingine, na hakuna kamusi ya simu inayoweza kubeba maneno yote ya namna hiyo. Kwa hiyo simu ikikutana na "hatujayavuna" na haina neno hilo, ukiiruhusu ijirekebishie yenyewe inaweza kukuwekea neno jingine linalofanana nalo. Herufi chache tu, lakini mnunuzi anaweza kuelewa jambo jingine. Ukiizima, simu haibadilishi kitu bila ruhusa yako. Inakupa tu mapendekezo matatu kwenye ule mstari wa juu, nawe unagusa unalotaka au unaendelea na lako.

Na mapendekezo hayo yanajifunza. Ukiandika "kantangaze" mara kadhaa, simu itaanza kukuletea yenyewe. Hasara ni kwamba inajifunza hata makosa. Ukiona pendekezo baya linajirudia, likandamize kwa kidole na uliburute hadi kwenye alama ya pipa la taka itakayotokea. Limetoka.

Njia ya haraka zaidi ni kuifundisha mwenyewe. Kwenye gia hiyo hiyo kuna Dictionary, kisha Personal dictionary, kisha lugha, kisha alama ya kujumlisha. Hapo unaandika neno na kifupi chake. Kijana wetu tulimwekea maneno yake ya kila siku: kantangaze, bakajani, jina la mbegu anayopanda, jina la kijiji chake. Halafu tukamwekea sentensi nzima yenye kifupi "oda":

```
Mzigo upo tayari. Matenga: ... Bei kwa tenga: ... Jumla: ... Gari lifike saa ... asubuhi.
```

Sasa akiandika "oda", sentensi hiyo inatokea kwenye mapendekezo. Anaigusa, anajaza namba. Hasahau kitu, na mnunuzi anazoea mpangilio mmoja kila mara.

Tuje kwenye sauti, ambako ndiko alikoumia. Google ilianza kupokea Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, kwa hiyo si jambo geni tena. Maiki ipo kwenye kona ya juu ya kibodi. Mara ya kwanza simu itakuomba ruhusa ya kutumia maiki, ikubalie. Hakikisha kitufe kirefu kinasema Kiswahili kabla ya kugusa maiki, kwa sababu sauti inafuata lugha ya kibodi. Dalili ya kusahau hilo ni rahisi kuijua: unasema Kiswahili, yanatoka maneno ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu. Si matamshi yako mabaya, ni lugha tu hujahamisha. Ikitokea bado inakataa, ingia Voice typing kwenye gia na uangalie lugha iliyochaguliwa humo.

Pia inataka intaneti. Sauti yako inasafiri, inasomwa huko mbali, yanarudi maneno. Bando likiisha au ukiwa bondeni ambako mtandao unakatakata, itasimama katikati ya sentensi au isianze kabisa. Huko andika kwa vidole tu. Mapendekezo ya maneno yenyewe yanafanya kazi hata bila bando.

Sasa kwa nini tisini iligeuka sitini? Hili nataka mlielewe, maana ukilielewa hutahitaji kukariri masharti. Simu haisikii neno moja moja kama sikio lako. Inapokea sauti, halafu inakisia kwa kuangalia maneno ya jirani. Ukisema "nyanya zimeiva, njoo na gari", hata kama upepo umefunika nusu ya neno "zimeiva", maneno ya jirani yanalisaidia. Ndiyo maana sentensi ndefu kidogo, yenye mwendo wa kawaida, inaandikwa vizuri kuliko neno moja ulilolipiga kelele. Lakini ukisema "nina matenga tisini", maneno ya jirani hayasaidii kitu. "Nina matenga sitini" ni sentensi sahihi vile vile. Tisini na sitini zinafanana kwa sauti, zote zinafaa mahali pale, na pampu inanguruma. Simu inachagua moja, na haikuambii kwamba imebahatisha. Sitini na sabini nazo zina hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi: maelezo yote aseme kwa sauti, namba aandike kwa kidole. Anasema, "Habari za asubuhi mzee, mzigo umekaa vizuri, tumechagua zile ngumu kwa ajili ya safari." Anasimamisha maiki. Kisha anaandika "oda", anagusa, anajaza: matenga 90, bei 35,000, jumla 3,150,000. Ile jumla ina kazi yake. Kama matenga yangeandikwa 60 kwa bahati mbaya, mnunuzi angeona 60 mara 35,000 ni 2,100,000, haifanani na jumla iliyoandikwa, angepiga simu kuuliza. Gari dogo lisingetumwa.

Saa nayo muiangalie. Ukisema "saa mbili asubuhi", simu inaweza kuandika 2:00. Sisi tunajua ni asubuhi jua limetoka, lakini dereva aliyezoea kusoma saa ya simu anaweza kuelewa saa nane za usiku au mchana. Andika "saa 2 asubuhi", na usiache neno asubuhi.

Jambo moja silikubali kabisa hata kwa vijana wangu wazoefu: kuagizana kiasi cha dawa kwa sauti. Ukimtuma mfanyakazi achanganye dawa kwenye bomba la lita 16, piga picha lebo ya chupa, sehemu ya vipimo isomeke, umtumie picha. Chini yake unaweza kuandika kwa kidole umchanganyie ngapi. Tenga linalobaki ni hasara ya siku moja, lakini dawa iliyozidi itaunguza shamba lote, au utavuna mboga ambayo wewe mwenyewe hutampa mwanao.

Alama za vituo na mikato weka kwa mkono baada ya kumaliza kusema. Nimeona meseji za sauti ndefu kama mto, hazina kituo, mpokeaji hajui bei inaishia wapi na idadi inaanzia wapi. Inachukua sekunde kumi.

Yule kijana amerudi kwenye sauti. Juzi nilipopita kwake alikuwa amesimama mbali na pampu, mgongo kwenye upepo, simu karibu na mdomo. Akasema, akanyamaza, akafuta vidole kwenye suruali, akajaza namba. Halafu akaisoma meseji yote kwa sauti kabla ya kutuma. Hilo la kusoma sikumfundisha mimi, ni matenga 30 yaliyomfundisha.

Mwenye simu ambayo haionyeshi Swahili kwenye orodha, aisasishe kwanza Gboard pale Play Store. Ikigoma tena, niletee siku ya Jumatano ofisini kata, tuiangalie pamoja.