Hisa za Dola, Maisha ya Shilingi: Ununue Ngapi Ukiwa Ughaibuni?

Uko Doha, mshahara unaingia kwa riali, na umeanza kununua hisa za Marekani kwa simu. Hisa ikishuka unaona hasara papo hapo. Lakini kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye app, na hiyo ndiyo tunataka kuiangalia leo: unaweza kupoteza pesa hata kama hisa yako haijashuka senti moja.

Anza na swali hili: hizi pesa nitazitumia kwa sarafu gani? Riali ya Qatar imefungwa kwa dola, 3.64 kwa dola moja. Kwa hivyo kama utazitumia huko huko Doha, dola haikusumbui, wewe hesabu bei ya hisa tu. Lakini kama ni za kumalizia nyumba kule Nakuru mwakani, basi unahesabu kwa shilingi, na hapo una hatari mbili: bei ya hisa na bei ya dola.

Tuchukue mfano. Ni Januari 2024, dola moja ni karibu shilingi 160. Nesi Mkenya aliye Doha ana akiba ya shilingi milioni moja, ya kujengea nyumba mwaka unaofuata. Amejiwekea kanuni: biashara moja isimpotezee zaidi ya shilingi 20,000, yaani asilimia 2 ya akiba. Anataka hisa ya dola 100, na ameweka oda ya kuiuza ikifika dola 90.

Wengi wetu tungepiga hesabu hivi: hasara ni dola 10 kwa kila hisa, sawa na shilingi 1,600. Ukigawa 20,000 kwa 1,600 unapata 12 na kitu. Basi, nunua hisa 12.

Shida ni kwamba hesabu hiyo inachukulia dola itabaki 160. Lakini mwaka mmoja tu nyuma, Januari 2023, dola ilikuwa karibu 124. Kitu kilichopanda hivyo kinaweza kurudi. Kwa hivyo nesi wetu anajiuliza: je, dola ikishuka asilimia 20 hadi 128, na hisa nayo ishuke hadi 90?

Hisa moja aliinunua kwa shilingi 16,000 (100 × 160). Siku hiyo mbaya ataiuza na kupata shilingi 11,520 (90 × 128). Hasara si 1,600 tena, ni 4,480. Sasa gawa 20,000 kwa 4,480: unapata 4 na kitu. Ananunua hisa 4, si 12. Mambo yakiharibika yote mawili, anapoteza shilingi 17,920. Angenunua 12, angepoteza 53,760, zaidi ya mara mbili na nusu ya kiwango alichojiwekea.

Na si hadithi tu. Februari 2024, Kenya ilipouza bondi mpya ya dola ili kuanza kulipa ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, shilingi iliruka. Kufikia katikati ya mwaka, dola ilikuwa karibu 130. Tuseme hisa ilibaki dola 100 vile vile. Kila hisa sasa ni shilingi 13,000, imekula 3,000. Mwenye hisa 12 amepoteza 36,000, na app yake inasoma sifuri. Mwenye hisa 4 amepoteza 12,000, na bado yuko ndani ya mpango.

Hapo ndipo oda ya kuuza inapokuangusha. Inaangalia bei ya dola peke yake, shilingi haiioni. Tena soko likifunguka ghafla chini ya 90, utauziwa kwa bei itakayopatikana, ambayo inaweza kuwa 85. Hivyo usijaze ile nafasi iliyobaki hadi shilingi ya mwisho.

Kuna kitu kimoja zaidi. Bei ya dola unayoiona ukisearch si ile utakayopewa ukituma pesa nyumbani. Piga hesabu na bei ambayo watanunua dola zako, ambayo huwa chini kidogo.

Ni kweli, dola pia inaweza kupanda ikakuongezea. Ila idadi ya hisa tunaipanga kwa siku mbaya. Kabla ya kubonyeza "nunua", andika namba tatu: hasara unayoweza kuvumilia kwa shilingi, bei ya hisa utakayotokea, na bei ya dola unayoiogopa. Tarehe ya kutumia pesa ikikaribia, rudia hesabu. Na kama fundi anakusubiri mwezi ujao, pesa za mabati zibadilishe kuwa shilingi sasa, usizinunulie hisa.