Kabla ya Kununua Sola, Ipime Friji: Hesabu za Mgahawa Mmoja wa Chikongola

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi mnaosoma uhandisi na mnaoombwa na ndugu zenu "mpige hesabu ya sola" kila mkirudi likizo, makala hii ni yenu. Nimeipata Chikongola, hapa Mtwara mjini, kwenye mgahawa wa mama mmoja anayeuza wali, samaki, chapati na juisi. Alikuwa amechoka na umeme kukatika mchana, kwa sababu ukikatika saa nne samaki wa friji wanakuwa mashakani na juisi haisagiki. Kuna fundi alimpigia hesabu, akamwambia anatumia zaidi ya uniti 10 kwa siku, hivyo anahitaji paneli 9 za wati 400. Mama akaniita. "Mwanangu, hebu niangalizie. Hii ni hela ya mwaka mzima."

Fundi yule hakuwa tapeli. Alifanya kile ambacho wengi hufanya: alisoma kibandiko cha kila kifaa na kuzidisha kwa saa alizokisia. Friji, wati 250 kwa saa 24, uniti 6. Feni, wati 190 kwa saa 12. Taa, wati 82 kwa saa 12. Blenda, wati 500 kwa saa 2. Ukijumlisha unapata kama uniti 10.3. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi kabisa, ila namba zilizozidishwa siyo za mgahawa huu.

Kabla ya kupima chochote, tutenganishe maswali mawili. Swali la kwanza ni kifaa kinatumia uniti ngapi kwa siku; jibu lake ndilo linaloamua idadi ya paneli na ukubwa wa betri. Swali la pili ni vifaa vinavuta wati ngapi vikiwaka pamoja kwa mara moja. Hilo linaamua ukubwa wa inverta. Blenda ni kubwa kwenye swali la pili na ni kitu kidogo sana kwenye la kwanza. Friji ni kinyume chake. Ukiyachanganya maswali haya, utanunua paneli za kulisha blenda inayofanya kazi dakika chache tu.

Vifaa vyangu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, nayo unaichomekea kifaa kisha inakuonyesha wati za sasa hivi na uniti zilizojikusanya. Cha pili ni LUKU yenyewe. Mita nyingi za LUKU zina kataa kekundu kanakomweka, na pembeni pameandikwa kamweko mangapi ni sawa na uniti moja. Ya mgahawa huu iliandikwa 1000 imp/kWh. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, hesabu mamweko ukiwa na saa ya simu, halafu:

```
wati = mamweko x 3600 x 1000 / (sekunde x imp_kwa_uniti)
```

Mamweko 10 kwa sekunde 240 ni wati 150. Ndivyo nilivyohakiki kile mita ya kuchomeka ilichoniambia kuhusu friji, na hii njia haina gharama yoyote. Kwa feni za dari, ambazo hazina plagi, ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo.

Tuanze na blenda kwa sababu ndiyo ya kupita haraka. Mama alisema inafanya kazi siku nzima, na ukikaa pale kelele zake zinakufanya uamini. Nilikaa na daftari nikaandika kila ilipowashwa. Kwa siku ilisaga majagi 25 hivi, kila jagi takriban dakika moja. Ikiwa na embe na maji ilivuta kama wati 400, siyo 500. Dakika 25 za wati 400 hazifiki hata uniti 0.2. Fundi aliiandikia uniti 1.

Friji sasa. Kibandiko kilisema ampea 1.1, na ndiko fundi alikopata wati zake 250 kwa kuzidisha na volti 230. Lakini namba ile ni ya kukusaidia kuchagua waya na fyuzi. Kompresa ilipokuwa inafanya kazi mita ilisoma wati 150 tu. Zaidi ya hapo, kompresa haifanyi kazi muda wote: ndani kukishapoa inajizima, joto likipanda inawaka tena. Kwa hiyo friji huwezi kuipima kwa kuitazama dakika tano. Inataka angalau saa 24. Mimi niliiacha siku tatu, na wastani ukawa uniti 2.4 kwa siku. Ni chini ya nusu ya uniti 6 za kwenye karatasi.

Hata hivyo uniti 2.4 bado ni nyingi kwa friji ya kiasi kile. Maana yake kompresa ya wati 150 inafanya kazi saa 16 kati ya 24. Nikagawa usiku na mchana. Kuanzia saa 3 usiku mgahawa unapofungwa hadi saa 12 asubuhi unapofunguliwa, ilitumia uniti 0.7. Zilizobaki, 1.7, ni za mchana, na kwa hesabu hiyo mchana kompresa inapumzika robo tu ya muda. Usiku hakuna anayefungua mlango, lakini hata hapo ilikuwa inafanya kazi zaidi ya nusu ya muda. Friji ambayo haipumziki vya kutosha usiku, mlango ukiwa umefungwa, inakwambia kwamba baridi inatoka mahali fulani, au joto lake halipati pa kwenda.

Vyote viwili vilikuwepo. Tulibana noti ya elfu moja kwenye mlango na kuivuta. Upande wa chini ilitoka bila upinzani wowote, kumbe mpira wa mlango umekakamaa. Nyuma ya friji, zile nondo nyembamba zinazotoa joto zilifunikwa na vumbi lililogandishwa na mafuta ya kukaangia, na kutu ya hewa ya bahari juu yake. Tena friji ilisukumwa hadi ikagusa ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo jiko la mkaa lilipo. Ndani, barafu ilikuwa nene kama kidole gumba. Ilichukua siku mbili: mpira mpya kutoka kwa fundi friji, brashi na maji ya sabuni nyuma (friji ikiwa imezimwa, tafadhali), kuyeyusha barafu, na kuihamishia ukuta mwingine ikiwa na nafasi ya kiganja nyuma yake. Mama mwenyewe akaongeza la kwake: soda na maji, ambavyo ndivyo vinavyofanya mlango ufunguliwe kila mara, akavihamishia kwenye deli lenye barafu. Nikapima tena siku tatu. Uniti 1.6.

Sijui kama mnaona ukubwa wa jambo hili. Uniti 0.8 zilizookolewa kila siku ni kazi ya karibu robo ya kilowati ya paneli, na gharama yake ilikuwa mpira na jasho.

Taa zilikuwa tubu mbili za zamani zenye choki, kila moja ikivuta kama wati 45 ingawa imeandikwa 36, na balbu moja ya LED ya wati 10 nje. Tubu ya jikoni inawaka saa 15 kwa sababu jiko halina dirisha la maana. Ya ukumbini saa 4. Ya nje usiku kucha. Jumla karibu uniti 0.98. Tukiweka tubu za LED za wati 18 inashuka hadi 0.46. Feni mbili za dari, wati 70 kila moja kwa saa 10, na ya kusimama jikoni, wati 50 kwa saa 6, zinafanya uniti 1.7. Hapa sikupata pa kukata sana. Joto la Mtwara mnalijua, na mteja akitoka jasho harudi. Tulikubaliana feni za ukumbini zizimwe kwa saa 2 za alasiri viti vinapokuwa vitupu, zikabaki uniti 1.42.

Kabla ya kuziamini namba hizi nilifanya jambo ambalo nawaomba msiliruke. Nilisoma LUKU wakati wa kufunga, siku mbili mfululizo, kabla hatujarekebisha kitu. Orodha yangu ilisema uniti 5.25. LUKU ilisema 5.9. Tofauti ya 0.65 siyo kosa la mita, ni kifaa ambacho hakimo kwenye orodha. Nilizima kila kitu ndani na kale kataa kekundu kakaendelea kumweka. Tukafuata waya hadi nje: unakwenda kwenye kibanda cha jirani, wakala wa kutuma pesa, mwenye taa, feni na chaja za simu. Mama alicheka. "Yule ni mtoto wa dada yangu, nilishasahau." Kumtoa au kumwacha ni uamuzi wa familia, siyo wa mhandisi, ila lazima ujulikane mapema. Mama aliamua kijana abaki kwenye umeme wa kawaida na asiingie kwenye sola.

Baada ya marekebisho, basi: friji 1.6, feni 1.42, taa 0.46, blenda 0.17. Jumla 3.65. Nilipima mwezi wa nane, wakati wa ubaridi wetu. Kuanzia Novemba joto na unyevu vinapanda na friji itafanya kazi zaidi, halafu mvua zinaleta mawingu. Kwa hiyo niliongeza kama robo, tukapanga kwa uniti 4.5. Nikachukua saa 4.5 za jua kamili kwa siku, na asilimia 70 ya kinachobaki baada ya joto la paneli, vumbi, waya, betri na inverta. 4.5 gawanya kwa 3.15 ni kilowati 1.43. Paneli 4 za wati 400 zinatosha, na kidogo zinabaki.

Betri inafuata matumizi ya kuanzia jioni hadi asubuhi tu: friji uniti 0.8, feni 0.56, taa kama 0.28. Ukiongeza ile robo ni karibu uniti 2. Betri ya lithiamu usiyoishusha chini ya asilimia 20 itahitaji kuwa ya uniti 3 hivi, baada ya kuhesabu hasara ya inverta. Ya maji au jeli, ambayo hupaswi kuishusha chini ya nusu, itahitaji karibu 4.5. Sikuweka siku za akiba za mawingu kwa sababu umeme wa kawaida upo na unaweza kujaza pengo. Mgahawa usio na gridi kabisa ungehitaji hesabu nyingine.

Na hapa blenda inadai haki yake. Friji 150, feni 190, taa 46, blenda 400: karibu wati 790 kwa pamoja. Lakini kompresa inapowaka inavuta mara kadhaa ya wati zake kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na blenda nayo ina mshtuko wake. Inverta ya wati 1000 ingezima katikati ya jagi la embe. Nilimwandikia ya wati 2000, inayohimili mara mbili yake kwa muda mfupi, na inayotoa wimbi laini kama la gridi, kwa sababu zile za bei ya chini zenye wimbi la ngazi zinaifanya mota ya friji ingurume na kupata moto. Mama alichukua karatasi akaikunja ndani ya daftari la madeni. Wiki hii ameanza na tubu za LED.