Kuisoma Nyumba kwa Picha Kabla ya Kulipa Amana

Wakazi wengi wa mipakani hupanga nyumba wakiwa bado upande wa pili. Mfanyabiashara aliye Kisumu hutafuta chumba Busia ya Uganda; dalali humtumia picha kwa simu, kisha humtaka atume amana kabla mwingine hajamtangulia. Miezi inapopita na mpangaji kuhama, mwenye nyumba humwonyesha ufa ukutani na kukataa kumrudishia fedha zake. Hapo ndipo wote wawili hufika kituoni, kila mmoja na neno lake, wala hakuna mwenye karatasi. Kwa kawaida shauri la namna hiyo ni la madai, na polisi hatuna mamlaka ya kuamua ni nani aliyeupasua ukuta.

Katika somo hili tutaonyesha jinsi mpangaji anavyoweza kuandika taarifa ya hali ya nyumba akitumia picha alizotumiwa. Kanuni yake ni moja: kila jambo liwekwe katika fungu lake, yaani kinachoonekana, kinachodhaniwa, na kisichoweza kuamuliwa kwa picha. Anayeyachanganya mafungu haya huandika tuhuma, wala si taarifa.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Nyumba ni ya vyumba viwili, imejengwa kwa matofali ya kuchoma, imepigwa plasta na kuezekwa kwa bati. Kodi ni shilingi 250,000 za Uganda kwa mwezi. Picha zilizotumwa ni tano: sebule, chumba cha kulala, dari, ukuta wa nje wenye dirisha, na kona ya sebule yenye soketi.

Madoa ya unyevu

Picha ya sebule yaonyesha utepe wa rangi iliyofifia ukiambaa chini ya ukuta, kutoka sakafuni hadi kimo cha goti. Ukingo wake wa juu una mstari mweupe kama unga, na rangi imebabuka. Picha ya dari yaonyesha duara la kahawia lenye ukingo mweusi zaidi kuliko katikati yake.

Madoa haya hayana asili moja. Unyevu upandao kutoka ardhini huanzia sakafuni, nao kwa kawaida hauvuki sana kimo cha mita 1. Maji yanapokauka huacha chumvi, nayo ndiyo ule unga mweupe. Mara nyingi sababu yake ni kukosekana kwa tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, au udongo wa nje kurundikana ukutani. Duara la darini, kwa upande wake, huashiria maji yaliyodondoka kutoka juu, kwa mfano penye tundu la msumari wa bati.

Picha haiwezi kutuambia kama doa bado ni bichi. Huenda bati liliezekwa upya mwaka uliopita na doa likabaki. Tena picha iliyopigwa Januari, kabla ya masika, haionyeshi nyumba ilivyo mwezi Aprili. Basi mpangaji aulize picha ilipigwa lini, na siku ya kuitembelea nyumba aubandike mkono ukutani na kunusa harufu ya ukungu. Aangalie pia iwapo sehemu ya chini ya ukuta mmoja pekee imepakwa rangi mpya. Huenda rangi hiyo imefunika jambo.

Nyufa

Picha ya nje yaonyesha ufa ulioanzia pembe ya juu ya dirisha na kupanda kwa mshazari kuelekea paa. Chumbani kuna nyufa nyembamba zilizotapakaa kama utando wa buibui.

Nyufa za utando aghalabu ni za plasta iliyokauka upesi, wala hazitishi. Ufa wa mshazari penye pembe ya dirisha wastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana waweza kutokana na linta dhaifu au na msingi uliodidimia upande mmoja. Hata hivyo, picha isiyo na kipimo haitoi upana. Mpangaji amwombe dalali aweke sarafu kando ya ufa na kupiga picha nyingine, kisha apige picha ya ukuta uleule kutoka ndani. Ufa ukionekana pande zote mbili, basi haukuishia katika plasta. Kama ufa unakua au umetulia, hilo halijulikani kwa picha moja: huwekwa alama ya penseli kwenye ncha zake, pamoja na tarehe, kisha hutazamwa tena baada ya miezi.

Nyaya zilizo wazi

Picha ya kona yaonyesha soketi isiyo na kifuniko, nyaya mbili zimechomoza, na kiungo kimezungushiwa utepe. Juu ya soketi pana weusi kama wa moshi.

Weusi huo huenda ni alama ya joto kutokana na kiungo kilicholegea, ambacho huweza kuwasha moto. Picha haionyeshi kama nyaya zina umeme, kama nyumba ina waya wa ardhini na swichi ya kukata umeme penye hitilafu, wala kama umeme umeunganishwa kihalali. Hayo ni ya fundi mwenye leseni.

Sasa tuziweke picha mbili pamoja. Soketi hii iko kimo cha goti, kwenye ukuta uleule wenye utepe wa unyevu. Nyaya zilizo wazi ni hatari. Nyaya zilizo wazi katika ukuta unaoshukiwa kuwa na maji ni hatari maradufu, hasa kwa mtoto atambaaye. Kwa hiyo jambo hili liandikwe la kwanza katika taarifa, na marekebisho yake yawe sharti la kuhamia.

Taarifa yenyewe

Mpangaji wetu ataandika hivi:

*Picha ya 5, sebule. Kinachoonekana: soketi bila kifuniko, nyaya mbili nje, weusi juu yake, utepe wa unyevu pembeni. Kinachodhaniwa: kiungo kiliwahi kupata joto. Kisichojulikana: kama kuna umeme, kama ukuta ni mbichi. Ombi: fundi arekebishe kabla ya kuhamia.*

Picha nyingine nazo ziandikwe vivyo hivyo. Mwishoni aorodheshe visivyopigwa picha kabisa: choo, mfereji wa maji, makufuli na upande wa nyuma. Ukimya wa picha si ushahidi wa uzima wala wa ubovu.

Liko swali moja zaidi: je, picha zote ni za nyumba moja? Linganisha nondo za dirisha zionekanavyo ndani na nje. Zikitofautiana, omba kuonyeshwa nyumba kwa simu ya video, kuanzia mlangoni. Anayepokea fedha kwa nyumba isiyo yake anatenda jinai, na hilo liletwe kituoni pamoja na ujumbe na risiti zote.

Nchini Uganda, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba apangishe jengo linalofaa kukaliwa na binadamu, tena inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Hata mkataba ulio chini ya kiasi hicho haukatazwi kuandikwa. Taarifa itumwe kwa mwenye nyumba kabla ya malipo, pamoja na picha zake. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, wote wawili waipitie nyumba, wasahihishe yaliyodhaniwa, watie saini nakala mbili mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kila mmoja abaki na yake.