Barua Fupi ya Kiarabu na Maneno Tuliyodhani ni Yetu

Mwaka huu sikuleta shairi. Nimeleta kisa cha barua ya mistari saba iliyonitoa jasho.

Kaka yangu ni fundi umeme mwenye stashahada ya chuo cha ufundi. Kampuni moja ndogo mjini Doha, nchini Katari, ilitafuta fundi ikasema vyeti vije na tafsiri ya Kiarabu. Kaka akapiga picha stashahada yake kwa simu, Maalim wetu wa Kiarabu akaitafsiri, nami nikapewa kazi ya kuandika barua ya kutangulia, yaani ya kumweleza msomaji kule karatasi hizo mbili ni nini. Nikaona ni kazi ya dakika kumi tu. Si maneno yenyewe tunayo? Shahada, sura, asili, tarjuma. Hapo ndipo nilipoteleza.

Nilianza na shahada. Kwetu shahada hutolewa na chuo kikuu, na stashahada iko chini yake. Nikaogopa kuandika shahada, kaka asije akaonekana anajipandisha cheo. Maalim akacheka. Kwa Kiarabu shahada ni cheti chochote, hata cha kuzaliwa. Neno la kuchunga ni diblum. Ukilitaja peke yake, Mmisri (na Wamisri wengi hufanya kazi Katari) aweza kufikiri ni cheti cha shule ya sekondari ya ufundi, kwa sababu kwao shule hizo hutoa diblum. Basi miaka mitatu ya kaka chuoni ingehesabiwa kuwa ni sekondari! Dawa yake si kutafuta neno kubwa zaidi, bali kueleza: alisoma miaka 12 shuleni, 8 ya msingi na 4 ya sekondari, ndipo akasoma miaka 3 chuoni, na mtihani ulitolewa na Baraza la Mitihani la Kenya.

Kosa la pili ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimeona kwenye karatasi za Kiarabu maneno sura tibk al-asl, nikayapenda. Sura kwao ni picha au nakala, asl ni asili, kwa hiyo nikadhani maana yake ni picha inayofanana na cheti chenyewe. Nikayaandika kwa mbwembwe. Maalim alipoyasoma akaweka kalamu chini. "Nani aliyeithibitisha?" akaniuliza. Kumbe maneno hayo ni ya muhuri. Husema kwamba ofisa ameshika cheti mkononi, akalinganisha nakala nacho, akatia sahihi. Picha ya simu haijapita kwa ofisa yeyote. Mwajiri akitafuta muhuri asiuone, atafikiri nini juu ya cheti chenyewe? Kaka angeitwa mwongo kwa kosa langu mimi. Tukafuta, tukaandika sura multakata bilhatif, yaani picha iliyopigwa kwa simu. Haina mbwembwe, lakini ni kweli.

Picha nayo ilikuwa na kasoro. Taa ilimulika pembe yenye namba ya cheti, na Maalim alikuwa ameandika hapo ghair makruu, maana yake haisomeki. Alikataa kabisa kuijaza hata kaka alipomsomea namba kutoka kwenye cheti, kwa kuwa tafsiri hufuata kinachoonekana. Tulipiga picha upya nje, kivulini, pembe zote nne zikionekana.

Likabaki jina. Jina letu la mwisho ni Charo. Kiarabu hakina herufi ya ch, na o huandikwa kama u, hivyo karani akilirudisha kwa herufi za Kizungu huenda akapata Tsharu, mtu asiye na pasipoti! Tukaliandika kwa herufi zote mbili.

Barua ilipokamilika ilisema hivi, nikiigeuza kwa Kiswahili:

"Mheshimiwa Meneja, baada ya salamu njema. Nimeambatisha picha ya stashahada yangu ya umeme, iliyopigwa kwa simu, pamoja na tafsiri yake. Cheti kimeandikwa kwa Kiingereza. Ni cha masomo ya miaka 3 baada ya sekondari. Tafsiri imefanywa na mwalimu wa Kiarabu ili usome kwa urahisi, wala si tafsiri rasmi. Jina langu ni kama lilivyo kwenye pasipoti. Cheti chenyewe ninacho, nami niko tayari kukipeleka kithibitishwe utakapohitaji."

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Meneja hakuuliza diblum ni ya ngazi gani, wala jina ni la nani. Alitaka cheti chenyewe kipigwe muhuri na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Katari, na tafsiri safari hii ifanywe na mfasiri aliyeapishwa. Kaka alipanda basi la usiku kwenda Nairobi, cheti kikiwa ndani ya bahasha ngumu kifuani.