Kuandika Majukumu ya Mpokezi wa Kliniki: Faili, Foleni na Siri

Kwenye mikataba mingi ya kliniki ndogo, kazi ya mpokezi huandikwa kwa mstari mmoja: "kupokea wagonjwa na kazi nyingine atakazopangiwa." Mstari huo haumwambii afanye nini mume wa mtu anapopiga simu kuulizia vipimo vya mkewe, na mwajiri naye hana pa kumshika akikosea. Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi au mmiliki wa kliniki ya wagonjwa wa nje nchini Tanzania anayetaka kuandika majukumu yanayotekelezeka.

Hatua ya 1: Kaa dirishani

Kabla ya kuandika lolote, kaa mapokezi asubuhi moja yenye wagonjwa wengi. Andika kila swali linaloulizwa na kila mahali foleni inapokwama. Hayo ndiyo yatakayozaa vipengele vya majukumu.

Hatua ya 2: Usajili

Andika kwamba mpokezi atachukua majina matatu, tarehe au mwaka wa kuzaliwa, jinsia, mtaa anaoishi mgonjwa, namba ya simu, jina la ndugu wa karibu na njia ya malipo. Kama ni bima, kadi ihakikiwe kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari, na picha ilinganishwe na mwenye kadi.

Kipengele muhimu kuliko vyote hapa ni hiki: "Atatafuta faili la zamani kabla ya kufungua jipya, na atamwomba mgonjwa ataje mwenyewe jina na mwaka wake wa kuzaliwa." Chukua kina mama wawili wenye majina matatu yanayofanana, mmoja wa mwaka 1986, mwingine wa 1991. Mpokezi akiuliza, "Wewe ndiye wa 1986?", mgonjwa mwenye homa anaweza kuitikia tu. Daktari anafungua faili lisilo lake, haoni kwamba mama huyu anadhurika na penisilini, anaandika amoksilini. Akiulizwa, "Mama, umezaliwa mwaka gani?", kosa linazuiwa dirishani. Dalili kwamba kipengele hiki hakifuatwi ni mgonjwa wa siku nyingi kukutwa na mafaili mawili au matatu.

Hatua ya 3: Foleni

Kila anayefika apewe namba, na aelezwe ukweli daktari akichelewa. Kisha andika nani anaruhusiwa kuivunja foleni. Mpokezi si mtaalamu wa tiba, hivyo asiachiwe kupima uzito wa ugonjwa. Mpe orodha fupi ya dalili za hatari, ibandikwe upande wake wa dirisha: mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, mjamzito anayetoka damu, mtu yeyote anayepumua kwa shida au aliyepoteza fahamu.

Mama akifika na namba 23, akasema mtoto alipata degedege njiani, mpokezi amwite muuguzi papo hapo. Asimalize kwanza usajili, wala asidai malipo. Muuguzi ndiye anayeamua, na usajili utakamilishwa baadaye kupitia ndugu. Andika pia, bila kuzunguka, kwamba kufahamiana na mpokezi au kumpa chochote hakumpandishi mtu kwenye foleni.

Hatua ya 4: Siri

Usiishie kwenye "atatunza siri." Taja matendo. Mpokezi asiulize dirishani mgonjwa anaumwa nini; inatosha kuuliza kama amekuja kwa daktari, maabara au kliniki ya mama na mtoto. Aite kwa namba. Mafaili yasiachwe wazi mezani, kioo cha kompyuta kisielekee benchi la wagonjwa, nywila asimpe mwenzake, na picha ya daftari la wagonjwa isipigwe kwa simu yake.

Kwa yule mume anayepiga simu, mpe mpokezi maneno kamili: "Samahani kaka, kwa simu hatutoi taarifa za mtu yeyote, hata kama alifika au hakufika." Jibu liwe hilohilo kwa kila mtu. Akisema "hakuja" kwa wasiofika na kukataa kujibu kwa waliofika, kukataa kwenyewe kumeshatoa siri. Polisi, mwajiri wa mgonjwa au kampuni ya bima wakiomba taarifa, mwombaji huyo apelekwe kwa mganga mfawidhi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ongeza kwamba wajibu huu unaendelea hata baada ya mpokezi kuacha kazi.

Hatua ya 5: Kukabidhi

Taja anawajibika kwa nani, na nani anashika dirisha akienda kula. Msome pamoja kipengele kwa kipengele, asaini, abaki na nakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, kwa hiyo mpe kabla hajakaa dirishani.